Msemaji 1 ni nani, Msemaji 2 ni nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa yeyote aliyepewa transkripti ya watu wawili, haina majina, imeandikwa tu Msemaji 1 na Msemaji 2 na kaambiwa atafute nani ni nani. Tunatumia simu moja fupi ya kutunga kama mfano mwanzo mpaka mwisho, ipo hapo chini, so ukiona "mstari wa 6" ujue tunaongelea hiyo.

## Mambo ya kwanza

Msemaji 1 si ndo aliyeanza kuongea?

Mara nyingi ndiyo, na habari ya namba inaishia hapo. Haikwambii kama huyo ndo bosi, ndo anayehoji au ndo mwenye simu. Programu ya kunukuu inakatakata sauti vipande vipande, inavikusanya vile vinavyofanana fungu moja, fungu linapewa lebo, basi. Zingine zinaanza kuhesabu na sifuri kwa hiyo utakuta `SPEAKER_00` na `SPEAKER_01`, ni kitu kilekile.

Na namba haivuki faili. Msemaji 1 wa rekodi ya leo anaweza kuwa Msemaji 2 wa rekodi ya jana hata kama waliokuwa wanaongea ni walewale.

Kuna jina limetajwa humo ndani, kwa nini nisiliweke tu nikamaliza?

Kwa sababu jina likishawekwa linaganda. Atakayesoma baada yako hataona kwamba wewe ulikisia, ataona jina na nukta mbili na maneno mbele yake, na tayari kuna mtu kawekewa maneno mdomoni. Ukiandika "mteja" mtu anaweza kurudi kwenye maneno yenyewe akakubishia, ukiandika jina hana pa kuanzia kubisha. Jina kutajwa kwenye maongezi maana yake ni kwamba limetajwa, haijamaanisha mwenye nalo alikuwepo (angalia swali la Rehema).

Basi niandike nini badala ya jina?

Andika kazi anayoifanya mtu ndani ya hayo maongezi: anayeuliza, anayejibu, mteja, fundi, mgonjwa, muuguzi. Ila hapa pia watu huwa wanateleza, wanafikiri kukisia ni kwenye jina tu. Cheo nacho kinakisiwa. Mtu akisema maji yanaingia chumbani ujue yuko kwenye hiyo nyumba au ana habari zake za karibu, hujajua kama ni mpangaji, mwenye nyumba au ndugu aliyekuja kutembea. Andika "mteja" ushikilie hapo, neno liwe pana kama ushahidi ulivyo pana na lisizidi.

## Mfano wenyewe

Hiyo simu ikoje?

Tumeiacha kama programu ilivyoitoa, na alama za uandishi zinazokosekana tumeziacha zikosekane:

1. Msemaji 1: Haloo.
2. Msemaji 2: Haloo habari za saa hizi, nilikuwa napiga kuhusu lile bomba.
3. Msemaji 1: Ee Rehema alinipigia jana. Bado linavuja?
4. Msemaji 2: Linavuja tena zaidi, maji yameanza kuingia chumbani kwa watoto.
5. Msemaji 1: Si nilisema ile koki ya chini isiguswe?
6. Msemaji 2: Mimi sijaigusa akaniambia mimi nimeifungua kidogo tu nione kama inakaza.
7. Msemaji 1: Haya nakuja saa kumi mwambie Rehema aache funguo
8. [wanaongea pamoja]
9. Msemaji 1: hela ya vifaa nikutumie sasa hivi?
10. Msemaji 2: Tuma tu, nitapitia dukani nikija.
11. Msemaji 1: Sawa fundi.
12. Msemaji 2: Haya.

Naanzia wapi kuisoma?

Usianze na majina wala salamu, anza na nani anajua nini. Kwenye maongezi yoyote kuna habari ambayo mmoja anayo na mwenzie hana, na anayeuliza ndo ambaye hana. Mstari wa 3 Msemaji 1 anauliza "bado linavuja?", maana yake bomba halioni. Mstari wa 4 Msemaji 2 anajibu papo hapo na kuongeza kitu ambacho hakuulizwa, maji yameingia chumbani, yaani huyu ndo mwenye shida mkononi.

Halafu angalia nani anasogea na nani anasubiri. "Nakuja saa kumi" ni Msemaji 1. Mstari wa 5 unaongeza kwamba Msemaji 1 alishatoa maelekezo huko nyuma, kwa hiyo hii si simu ya kwanza kuhusu hili bomba.

Salamu zinakuja mwisho kama nyongeza. Aliyesema "haloo" tupu kwa kawaida ndo aliyepokea, na mstari wa 2 unalithibitisha, "nilikuwa napiga". Lakini usiweke uzito kwenye haloo peke yake, rekodi nyingi zinaanza sekunde chache baada ya simu kupokelewa na ile haloo ya kwanza kabisa haimo.

Mpaka mstari wa 7 basi una mteja aliyepiga na mtu anayekuja kurekebisha. Neno "fundi" lenyewe bado halijatamkwa, subiri.

Rehema ndo Msemaji 2, si ndiyo?

Hapana, na hili ndo kosa linalofanyika kuliko yote kwenye transkripti za aina hii. Jina liko moja tu kwenye ukurasa mzima, mkono unawasha wa kulibandika mahali.

Angalia viambishi. Mstari wa 3 Msemaji 1 anamwambia mwenzie "Rehema *a*linipigia". Kama anayeongea naye ndo Rehema angesema "*u*linipigia". Kwa hiyo Rehema si Msemaji 2, na si Msemaji 1 pia maana mtu hajipigii simu. Mstari wa 7 unapigilia, "mwambie Rehema", yaani aliyeko kwenye simu anaombwa apeleke ujumbe. Rehema ni mtu wa tatu ambaye hayupo kwenye laini, anafahamika na wote wawili na inaonekana ana funguo. Hapo ndo mwisho wa unachojua kumhusu.

Kuna watu huwa wanamwongelea msikilizaji kama hayupo, hasa kwa utani au kwa mtoto mdogo, "Rehema leo atalala mapema". Ikitokea utaiona kwa majibu, mwenzie atajibu kama aliyeambiwa yeye. Kwenye mfano wetu hakuna kitu kama hicho.

Mstari wa 6 unajipinga, kagusa koki au hajagusa?

Haujipingi, umekosa tu alama za kunukuu. Usome hivi: Mimi sijaigusa. Akaniambia, "mimi nimeifungua kidogo tu nione kama inakaza." "Mimi" ya kwanza ni ya anayeongea na ya pili ni ya mtu anayenukuliwa. Kwenye maongezi ya mdomo watu wananukuu wenzao muda wote na programu haiweki alama, matokeo yake "mimi" za watu tofauti zinakaa sentensi moja kama za mtu mmoja.

Kabla hujachukua neno lolote la "mimi", "nili-" au "wangu" kama ushahidi wa nani ni nani, rudi nyuma uangalie kama kuna "akasema", "akaniambia", "ananiambia eti". Ipo? Basi kila kinachofuata kichunguze, maana huenda si cha Msemaji huyo.

Nani sasa aliyefungua koki? Hatujui. "Akaniambia" inasema kuna mtu, haisemi yupi. Rehema anawezekana, na wengi wataandika Rehema kwa sababu ndo jina lililo karibu, lakini anaweza kuwa mtu yeyote mwingine wa hiyo nyumba. Andika "mtu mwingine ambaye hakutajwa" uendelee.

## Lebo zikigeuka katikati

Mbona kuanzia mstari wa 9 mambo hayaeleweki?

Kwa sababu lebo zimebadilishana. Hili linatokea sana kuliko watu wanavyodhani na lisipogunduliwa linaharibu kila kitu ulichokifanya juu.

Tujaribu kwanza kuamini kwamba lebo ziko sawa. Msemaji 1 ndo anayekuja kurekebisha. Basi mstari wa 9 ni yeye anayetaka kumtumia mteja hela ya vifaa, mstari wa 10 mteja ambaye maji yanaingia ndani kwake anasema atapitia dukani "nikija", anakuja wapi wakati yuko palepale? Na mstari wa 11 fundi anamwita mteja "fundi". Mambo matatu yamevunjika.

Sasa geuza. Mteja anauliza kama atume hela ya vifaa, fundi anasema tuma nitapitia dukani nikija (na mstari wa 7 alishasema anakuja), mteja anamalizia "sawa fundi". Hakuna kilichovunjika. Unachagua maelezo yanayoacha vitu vichache visivyoelezeka, na hapa ni tatu kwa sifuri.

Zingatia kwamba "sawa fundi" peke yake isingetosha. Kuna watu wanaitana fundi, bosi, mkuu, kiongozi bila kujali nani ni nani. Ina nguvu kwa sababu imekaa pamoja na hela na dukani.

Sehemu zilipogeukia naijuaje?

Tafuta mstari wa mwisho ambao una uhakika lebo iko sahihi, na mstari wa kwanza ambao una uhakika imekosea. Kugeuka kuko katikati ya hiyo miwili. Kwetu ni kati ya 7 na 9, na katikati yake kuna nini? Wameongea pamoja. Sauti mbili zikipandana programu inapoteza uzi na wakitengana tena inaweza kuzishika kinyume. Sehemu zingine za kutilia shaka ni kimya kirefu, kicheko, mtu kuweka simu spika, na mtu kusogea mbali na maiki.

Angalia pia mstari wa 7, umekatika bila nukta, na wa 9 unaanza na herufi ndogo. Hiyo ni ishara kwamba kipande kimoja cha maneno kimekatwa vibaya, yawezekana hata neno moja mawili ya mwanzo wa mstari wa 9 ni ya mwenzie. Kama odio unayo sikiliza sekunde chache kabla na chache baada ya hapo tu, huna haja ya kusikiliza simu nzima.

Nikishaijua nairekebishaje bila kuharibu?

Hifadhi kwanza nakala ya transkripti kama ilivyokuja. Halafu chagua kuanzia mstari wa kugeuka kwenda chini *tu*, ukibadilisha faili zima utaharibu nusu ya juu iliyokuwa nzima.

Na usibadilishe 1 kuwa 2 moja kwa moja, maana ukifanya hivyo mistari yote inakuwa Msemaji 2 na huwezi tena kuitenganisha. Pitia kwenye lebo ya muda, kwa mpangilio huu:

```
Msemaji 1  ->  ZZZ
Msemaji 2  ->  Msemaji 1
ZZZ        ->  Msemaji 2
```

Ukimaliza soma tena kutoka juu, maana lebo zilizogeuka mara moja zinaweza kugeuka tena mbele.

Nina rekodi yenyewe, kuna njia ya mkato?

Cheki kama ni stirio. Rekodi za simu za huduma kwa wateja mara nyingi zinahifadhiwa upande mmoja wa simu kwenye chaneli ya kushoto na mwingine ya kulia. Vaa hedifoni, ukisikia mmoja sikio hili na mwingine sikio lile basi suala la lebo kugeuka limekwisha, nukuu kila chaneli peke yake. Kumbuka tu kwamba chaneli inakutenganishia sauti, nani ni fundi bado inabidi usome.

Mstari mmoja una swali na jibu lake humohumo, inakuwaje?

Mfano "utafika saa ngapi saa kumi". Ni watu wawili wamefungwa lebo moja, programu haikuona mwanya kati yao. Gawa mistari miwili na weka alama kwamba mgawo ni wako.

"Ee", "mm", "haya" za nani?

Usizihesabu kama ushahidi. Ni fupi mno, programu haina sauti ya kutosha ya kuzitambua kwa hiyo huzipa yeyote. Mstari wa 12 unaweza kuwa wa yeyote kati yao na hakuna kinachobadilika.

## Majina

Ni lini basi jina linaruhusiwa?

Mtu akijitambulisha mwenyewe, "naitwa fulani", au akiitwa kwa jina na mwenzie akaitika na kuendelea na jambo lilelile, hasa ikijirudia. Kanuni ya pale mtu anapoita ni rahisi lakini watu huigeuza: jina linaloitwa ni la *asiyeongea*. "Asante Rehema" kwenye mstari wa Msemaji 1 inamwelekea Msemaji 2. Na kama lebo zilishageuka huko juu basi jina nalo litaangukia upande usio wake, ndo maana lebo zinasafishwa kwanza, majina baadaye.

Hata hapo mimi napendelea kuandika "aliyejitambulisha kama" mara ya kwanza, na tahajia ya jina usiiamini, programu huandika inavyosikia.

Imeandikwa "mimi Rehema alinipigia", si kajitambulisha hapo?

Soma mpaka mwisho. "Mimi, Rehema alinipigia" ni mtu anayesema kwa upande wangu, nilipigiwa na Rehema. Mkato haupo kwa hiyo jicho linaona "mimi Rehema" linaruka. Kitenzi ndo kinaamua: ikifuata "a-" kama "alinipigia" Rehema ni mwingine, ikifuata "ni-" kama "mimi Rehema nilikupigia" hapo kajitaja mwenyewe. Ukitafuta neno "mimi" kwenye faili kwa kutumia sachi utazipata zote mbili zikiwa zimefanana, so usihesabu tu, soma kila moja.

Jina liko kwenye jina la faili lenyewe, mfano `simu_rehema.mp3`.

Hilo linakwambia aliyehifadhi alikuwa anafikiria nini. Inaweza kuwa simu ya Rehema, kwa Rehema, kuhusu Rehema au imechukuliwa kwenye simu yake. Halikwambii lebo ipi.

## Jinsia, umri na undugu

Naweza kujua ni mwanaume au mwanamke?

Kiswahili hakikusaidii sana hapa, "yeye" na "a-" havina jinsia. Kinachosaidia ni maneno machache, "nimeolewa" kwa mwanamke na "nimeoa" kwa mwanaume, "mume wangu", "nilipokuwa na mimba", na hayo nayo uyapitishe kwenye chujio la kunukuu (angalia swali la mstari wa 6). Kazi ya mtu si dalili. Fundi wetu hajulikani jinsia, na mteja pia, na hakuna sehemu ya maongezi inayohitaji tujue.

Na "shikamoo", "mama", "kaka"?

Shikamoo na marahaba zinakupa nani anampa mwenzie heshima ya ukubwa, ni dalili nzuri ya kutofautisha lebo mbili lakini haikupi umri. "Mama", "kaka", "dada" zinamwelekea msikilizaji kama jina linaloitwa linavyofanya, ila hazithibitishi undugu, mtu anamwita "mama" mwanamke yeyote mzima. Usiandike "mtoto wake" kwa sababu ya neno hilo tu.

## Kesi ngumu

Wote wawili wanafanya kazi moja, kazi haiwatofautishi.

Tafuta tofauti ya ndani ya maongezi yenyewe: anayeomba na anayeombwa, aliyekuwepo kwenye tukio na anayesimuliwa, anayepanga ratiba na anayekubali. Kama na hiyo inabadilika kila baada ya dakika mbili, waache na namba zao.

Nina faili la pili la watu walewale, nihamishe majibu?

Hamisha kazi, usihamishe namba. Anza upya kama huwajui, na ukishapata fundi na mteja kwenye faili la pili tafuta kitu kinachofunga mafaili mawili, mfano mtu akisema "kama nilivyokwambia kuhusu ile koki". Bila kifungo hicho unajua tu kwamba kuna fundi hapa na fundi pale.

Sijapata dalili yoyote, na niliyemfanyia anataka jibu.

Mpe Msemaji 1 na Msemaji 2 na umwambie ulitafuta nini. Jibu si lazima liwe ndiyo au hapana kwa faili zima, linaweza kuwa na uhakika sehemu moja na giza nyingine, na huwa naliweka juu kabisa ya transkripti kabla ya mstari wa 1. Kwa simu yetu lingekuwa hivi:

"Mistari ya 1–7: Msemaji 1 ni fundi, Msemaji 2 ni mteja aliyepiga. Kuanzia mstari wa 9 lebo zimegeuka na nimezirekebisha, sababu ni hela ya vifaa, dukani, na 'sawa fundi'. Mwanzo wa mstari wa 9 haujasikilizwa. Mstari wa 12 haujulikani ni wa nani. Rehema ametajwa mara mbili, hayupo kwenye simu. Aliyefungua koki hajatajwa. Majina ya wasemaji wote wawili hayajulikani."